Mita 180 hadi Mtoni: Waya wa Pampu ya Mbali Uwe Mnene Kiasi Gani?

Tuchukue shamba la mboga kando ya Mto Ruvu, mkoani Pwani. Nyumba na mita ya Luku viko juu, karibu na barabara. Pampu iko bondeni, mita 180 kutoka kwenye meinswichi. Ni pampu ya fezi moja ya kilowati 1.5, na kibati chake kinasema volti 230, ampea 10. Fundi amevuta waya wa shaba wa 2.5, ule ule anaoutumia kwenye soketi za nyumbani, kwa sababu anajua unabeba ampea 20 bila wasiwasi. Sakiti breka ya 16 haijawahi kuanguka, wala hakuna waya ulioungua.

Hata hivyo pampu haina amani. Ikiwashwa hunguruma kwanza papo hapo ilipo, sekunde moja, mbili, tatu, ndipo izunguke. Jioni mara nyingine haizunguki kabisa. Kapasita imevimba na kubadilishwa, kisha ile mpya nayo ikavimba. Mota ikifanya kazi nusu saa huwezi kuiwekea kiganja. Fundi anaitwa, anafungua kisanduku cha pampu, anagusisha ncha za multimeta na kusoma 229.

"Mzee, umeme unafika vizuri kabisa. Hii pampu ndiyo mbovu."

Kipimo chake ni sahihi, lakini alikichukua wakati pampu imezimwa, na hapo ndipo wengi hupotea. Waya hupoteza volti pale tu umeme unapopita ndani yake. Pampu ikiwa imezimwa hakuna kinachopita, kwa hiyo hata waya mwembamba kama uzi utaonyesha volti zote upande wa pili. Acha multimeta pale pale, washa pampu, uangalie namba. Katika shamba hili itaporomoka sana mota inapojikokota kuanza, kisha itapanda na kutulia kwenye 198 hivi. Hizo ndizo volti ambazo pampu inazipata kweli.

Zilizobaki zimepotelea njiani. Shaba hupitisha umeme vizuri, ila haiupitishi bure. Kila mita ya waya hukinza kidogo. Ni kama mpira wa kumwagilia: ukiwa mrefu na mwembamba, maji hufika mwisho bila msukumo ingawa bomba limefunguliwa lote. Urefu ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara mbili. Ampea zikiongezeka, upotevu nao huongezeka. Unene wa shaba ndio pekee unaoupunguza. Kwa hiyo swali la fundi la kila siku, yaani waya huu utaungua au hautaungua, halitoshi kwa safari ndefu. Waya wa 2.5 hauungui kwa ampea 10, uwe wa mita tano au mia tano. Unachoshindwa ni kufikisha volti.

Kuzihesabu si kazi ngumu. Majedwali ya kanuni za Uingereza, BS 7671, yanaonyesha kila unene wa waya wa shaba unapoteza milivolti ngapi kwa kila ampea moja katika kila mita moja. Waya wa 2.5 hupoteza 18, wa 4 hupoteza 11, wa 6 hupoteza 7.3, wa 10 hupoteza 4.4 na wa 16 hupoteza 2.8. Hesabu yenyewe ni hii:

Volti zinazopotea = milivolti × ampea × mita ÷ 1000

Urefu unaoingia hapo ni wa njia nzima ya kebo, ikiwemo kona, mteremko na sehemu inayopanda ukutani hadi kwenye meinswichi. Upime kwa kamba au futi ya fundi, usikadirie kwa hatua. Lakini usizidishe kwa mbili eti kwa kuwa umeme unakwenda na kurudi. Namba za jedwali tayari zimehesabu waya zote mbili. Kosa hilo huwanunulisha watu waya mnene kuliko wanaouhitaji.

Sasa turudi Ruvu. Kwa waya wa 2.5: 18 × 10 × 180 ÷ 1000 ni volti 32.4. Hiyo ni asilimia 14 ya 230, wakati kikomo kinachopendekezwa na kanuni hizo hizo ni asilimia 5 kwa mitambo na 3 kwa taa. Asilimia 5 ya 230 ni volti 11.5. Waya wa 4 unapoteza 19.8, haufai. Wa 6 unapoteza 13.1, umekosa kidogo tu. Wa 10 unapoteza 7.9, na umeingia ndani ya kikomo.

Mnunuzi aliyeshika pesa mkononi atauliza kwa nini asichukue wa 6, kwani volti moja na nusu ni nini? Swali ni la haki, na jibu lake liko kwenye mita ya Luku, si kwenye jedwali. Hesabu yetu imeanzia volti 230 kamili, nazo vijijini hazipatikani kila saa. Pima umeme wa nyumbani saa moja jioni, watu wote wanapokuwa wamewasha vyombo vyao. Tuseme umepata 218. Watengenezaji wengi wa mota za pampu huruhusu volti zishuke asilimia 10 chini ya zilizoandikwa kwenye kibati, yaani hadi 207. Ukitoa 13 kwenye 218 unabaki na 205, uko chini ya mpaka. Ukitoa 8 unabaki na 210, na pampu iko salama. Kwa shamba hili, waya wa 10 ndio jibu, nami nisingesita.

Kuna na wakati wa kuwasha. Mota inapoanza huvuta umeme mara nne au zaidi ya ule wa kawaida, hivyo pampu yetu itataka ampea 40 hivi kwa muda mfupi. Na nguvu ya mota ya kuzungusha haishuki sawasawa na volti, bali hushuka kwa mraba wake: volti zikibaki nusu, nguvu hubaki robo. Kwa waya wa 2.5, pampu hii inapoanza hupata takriban volti 150, na nguvu ya kuzungusha haifiki hata nusu ya inayotakiwa. Ndiyo maana inanguruma bila kuzunguka, na joto la hizo sekunde ndilo linaloichosha kapasita na kuunguza vanishi ya koili. Kwa waya wa 10 itaanza na volti 200 hivi, ikiwa na zaidi ya robo tatu ya nguvu yake.

Volti zilizopotea nazo zinalipiwa. Waya wa 2.5 hapa unageuza wati 324 kuwa joto la kupasha udongo muda wote pampu inapofanya kazi, wakati wa 10 unapoteza wati 79. Pampu ikifanya kazi saa sita kwa siku, tofauti ni karibu yuniti moja na nusu kila siku, zaidi ya 500 kwa mwaka. Zidisha na bei unayonunulia Luku, ulinganishe na bei ya kebo.

Kama nguzo zenye fezi tatu zimepita karibu, ulizia kabla ya kununua chochote. Pampu ya kilowati 1.5 ya fezi tatu huvuta karibu ampea 4 tu kwa volti 400, na waya wa 2.5 kwa urefu ule ule utapoteza volti 11 hivi, chini ya asilimia 3. Huenda ukabakiza waya mwembamba na ukabadili pampu badala yake, ingawa kebo sasa lazima iwe na waya wa kutosha kwa fezi zote.

Dukani, usinunue namba iliyochapwa kwenye ganda. Waya wa shaba wa 10 kwa kawaida husukwa kwa nyuzi saba, kila uzi ukiwa na upana wa milimita 1.35. Nenda na kalipa, mwambie muuzaji amenye ncha, upime uzi mmoja. Ukikuta 1.1 umeuziwa kitu kisichofika hata 7, na hesabu yote imeharibika. Kisha kwaruza uzi kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini halisi si haramu, ila inahitaji unene wa karibu mara 1.6 ili ilingane na shaba, na inapokutana na shaba lazima ipate kiungio chake maalumu, la sivyo maungio hulegea na kuchomeka.

Waya wa 10 hautaingia kwenye vishikio vidogo vya pampu, na hapo mafundi wengine hukata baadhi ya nyuzi ili uingie. Usikubali. Weka kisanduku kisichoingiza maji karibu na pampu, ufunge hapo kebo nene kwa kiungio kinachoitosha, kisha utoe kipande kifupi cha 2.5 hadi kwenye mota. Mita moja au mbili za waya mwembamba hazipotezi kitu cha kuhesabu.

Unene huo huo una kazi nyingine ambayo haionekani mpaka siku ya hatari. Waya zikigusana kule mtoni, breka inatakiwa ikate papo hapo. Breka ya aina ya C ya ampea 16 inaweza kuhitaji hadi ampea 160 ili ikate bila kuchelewa. Kupitia mita 180 za 2.5 zitapita ampea 70 tu, na breka itakaa sekunde kadhaa ikitafakari huku waya ukichemka. Kupitia waya wa 10 zitapita karibu 290, nayo itakata mara moja. Hata hivyo, kwa pampu iliyo karibu na maji, breka peke yake haitoshi: funga na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, pamoja na waya wa ethi hadi kwenye mota.

Kazi ikiisha, fundi apime tena, safari hii pampu ikiwa inasukuma maji. Volti zisomwe kwenye meinswichi, kisha kwenye kisanduku cha pampu, na tofauti ilinganishwe na hesabu. Tulitarajia 8, na ikiwa 7 hakuna ajabu, kwa kuwa jedwali limehesabiwa kwa waya uliopata joto la nyuzi 70. Ikiwa 15, ama shaba ni pungufu ama kuna kiungio kibaya. Kiungio hupatikana kwa kupima kila kisanduku cha njiani, kimoja baada ya kingine, pampu ikiendelea kufanya kazi: volti zinashuka kidogo kidogo kulingana na umbali, na pale zinaporuka ghafla ndipo pa kufungua na kukaza upya.