Duka Ng'ambo ya Yadi: Kulifikishia Intaneti Bila Kuvuta Waya Hewani

Katika mitaa mingi ya Eastlands, kuanzia Umoja hadi Kayole na Dandora, utapata mwenye nyumba aliye na intaneti sebuleni, ilhali duka au karakana yake iko upande wa pili wa yadi. Wengi huvuta waya kutoka dirishani hadi kwenye paa la duka. Waya huo mara nyingi huishia kugusana na nyaya za stima, au hukatwa na lori la kwanza linaloingia kupakua mzigo.

Njia nyingine ni kutumia redio mbili ndogo za nje, moja ukutani nyumbani na nyingine dukani, zikitazamana. Redio ya nyumbani huunganishwa na rauta, ile ya duka hupokea mawimbi, na kutoka hapo waya mfupi huingia ndani. Hakikisha vifaa unavyonunua vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kazi kubwa, hata hivyo, ni kuchagua mahali pa kuzifunga, na hapo ndipo wengi hukosea.

Chukua mfano wa duka la vifaa vya shule huko Umoja, lililo mita 60 kutoka nyumba ya mwenyewe. Kati yake kuna uwanja wazi wa kuegesha magari. Fundi alifunga redio ya nyumbani kwenye ukuta, mita 3.5 kutoka chini, na ya duka chini ya ukingo wa mabati, mita 2.2. Alisimama dukani, akaiona redio ya pili vizuri, akaondoka. Kwa siku mbili hapakuwa na tatizo, kwa kuwa zilikuwa Jumamosi na Jumapili.

Kuanzia Jumatatu, intaneti ya duka ilikuwa ikidhoofika saa nne asubuhi na kurudi saa tisa. Mwenye duka alishindwa kutuma ankara za eTIMS wateja wakiwa wamepanga foleni. Alifikiri kampuni inayomuuzia intaneti ndiyo yenye makosa, akalipia kifurushi kikubwa zaidi. Hakikusaidia kitu. Sababu ilikuwa uwanjani: abiria wa asubuhi wakipungua, matatu za abiria 33 hurudi kuegeshwa, moja ikisimama mita 15 tu kutoka dukani.

Kuna kipimo rahisi ambacho kingemwokolea pesa. Ukiwa dukani na kompyuta, jaribu kwanza kuifikia redio ya nyumbani yenyewe kabla ya kulaumu kampuni ya intaneti. Ikiwa anwani yake ni 192.168.1.20, andika:

```
ping 192.168.1.20
```

Majibu yakipotea au yakichelewa sana, tatizo liko kati ya redio zako mbili. Yakija upesi bila kukatika huku intaneti ikiwa imezima, basi mpigie simu mwenye kukuuzia intaneti.

Turudi uwanjani. Mstari wa moja kwa moja kati ya redio hizo mbili ulipita mahali pa matatu kwa kimo cha mita 2.5 hivi. Matatu ya aina hiyo ina kimo cha karibu mita 3.2, kwa hiyo iliuziba kabisa. Lakini hata kama mstari ungepita sentimita chache juu ya paa la matatu, hiyo isingetosha. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Hutanuka katikati ya safari, mfano wa muhogo ulio mwembamba pande zote mbili na mnene tumboni. Unene huo wataalamu huuita ukanda wa Fresnel. Kwa umbali wa mita 60 na redio za gigahatsi 5.8, nusu ya unene huo katikati ni takriban sentimita 88, na pale matatu iliposimama ni takriban sentimita 76. Angalau asilimia 60 ya kipimo hicho inapaswa kuwa wazi, yaani karibu nusu mita kati ya mstari wa kuonana na kizuizi chochote. Matawi ya mwembe, ukingo wa mabati na kamba ya nguo iliyojaa blanketi mbichi vyote ni vizuizi. Kwa hiyo macho yako kuiona redio ya pili ni mwanzo tu. Rudi utazame yadi ilivyo wakati imejaa magari, na ukumbuke kuwa mti utakua.

Dawa ilikuwa kupanda juu. Redio ya nyumbani ilihamishwa hadi mita 5.5, kando ya tangi la maji. Ile ya duka ikafungwa kwenye paipu ya chuma iliyoiinua hadi mita 4.4. Sasa mstari unapita juu ya matatu kwa karibu mita moja na nusu. Paipu kama hiyo isisimamishwe mahali ambapo ikianguka inaweza kugusa nyaya za stima, na ukiwa mpangaji pata kwanza idhini ya mwenye nyumba.

Kuhusu kuzielekeza, kosa la kawaida ni kuinamisha sana redio iliyo juu ili "itazame chini" kwa duka. Tofauti ya kimo cha mita 1.1 katika umbali wa mita 60 ni nyuzi moja tu. Ifunge ikiwa imesimama wima, inatosha. Redio bapa za aina hii hutawanya mawimbi kwa upana wa nyuzi 45 hivi, kwa hiyo hazidai usahihi mkubwa kama madishi.

Fanyeni kazi watu wawili wenye simu. Mmoja aiache yake imetulia. Mwingine aigeuze yake polepole kushoto na kulia, akingoja sekunde chache kila mara, kwa kuwa nambari kwenye skrini huchelewa kubadilika. Atie alama pale nguvu ya mawimbi inapoanza kushuka upande huu, kisha upande ule, na aifunge katikati ya alama hizo. Halafu wabadilishane zamu. Baada ya kukaza nati someni tena, maana spana yenyewe huisogeza redio.

Utajuaje kama nambari unayoiona ni nzuri? Ihesabu kabla ya kupanda ngazi. Katika mfano wetu, redio inatoa nguvu ya 10 dBm, antena ya kila upande inaongeza desibeli 13, na hewa ya mita 60 inapunguza desibeli 83:

```
10 + 13 + 13 - 83 = -47 dBm
```

Kadiri nambari inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Matatu ilipokuwa imeegeshwa, skrini ilionyesha -71 dBm, ilhali kelele za waifai ya majirani zilikuwa -84. Pengo la desibeli 13 ni dogo mno kwa kazi ya duka. Baada ya redio kuinuliwa, skrini ilisoma -49, matatu iwepo isiwepo. Ukipungukiwa desibeli tatu au nne na hesabu yako, usijisumbue. Ukipungukiwa 20, usiendelee kugeuza redio kwa matumaini; tafuta kilicho njiani.

Katika yadi ndogo kinyume chake pia hutokea: skrini ikisoma zaidi ya -40, kwa mfano -30, redio zinapigiana kelele karibu mno na data huanza kuharibika. Ingia kwenye mipangilio upunguze nguvu ya kutuma, upande mmoja kisha wa pili, mpaka ifike kati ya -45 na -55.