Meza Namba 4: Barua ya Fundi wa Maabara na Kilichomo Ndani Yake

Barua nyingi za kuripoti ajali ya maabara shuleni zina sentensi moja tu yenye habari: "Meza imesafishwa." Msimamizi anayeipokea hana cha kufanya nayo. Hajui kilichomwagika ni nini, kimesafishwa kwa kitu gani, wala kama kesho saa mbili awaruhusu wanafunzi kuingia au afunge mlango. Sisi wa ualimu wa sayansi ndio tutakaokuwa tunazipokea barua hizi, na wengine tutaziandika wenyewe, maana shule nyingi hazina hata fundi. Kwa hiyo nimeona nieleze moja ambayo imeandikwa vizuri.

Niliikuta nikiwa fildi Mlali, wilayani Kongwa. Fundi sanifu wa maabara aliniruhusu niinakili kwa sharti kwamba nisitaje shule wala jina la mtu. Ni hii hapa, nimeacha anuani tu:

*Kwa: Mkuu wa Idara ya Sayansi*
*Kutoka: Fundi Sanifu Maabara*
*Jumanne, saa 9:30 alasiri*

*YAH: MEZA NAMBA 4 KUCHAFULIWA NA ZEBAKI NA HATUA ZILIZOCHUKULIWA*

*1. Leo saa 4:10 asubuhi, kipindi cha fizikia kidato cha tatu, kipimajoto cha zebaki kilivunjika juu ya meza namba 4. Zebaki ilitawanyika mezani na kiasi kidogo kilidondoka sakafuni upande wa dirisha. Hakuna aliyejikata wala aliyeigusa.*

*2. Wanafunzi walitolewa kupitia mlango wa nyuma na soli za viatu zikakaguliwa. Madirisha yalifunguliwa, mlango wa koridoni ukafungwa, feni ikazimwa.*

*3. Nilivua pete na saa, nikavaa glavu. Matone yalisukumwa kwa kadi ngumu hadi yakaungana, yakavutwa kwa sirinji isiyo na sindano na kuwekwa kwenye chupa yenye maji. Madogo yaliokotwa kwa soltepu. Fagio halikutumika.*

*4. Chupa na maji yake kabla: gramu 84.2. Baada: gramu 86.0. Iliyokusanywa kwa sirinji ni gramu 1.8. Kiasi kilichokuwamo kwenye kipimajoto hakijulikani.*

*5. Unga wa salfa ulipakwa mezani na sakafuni, ukaachwa hadi saa 8:30, ukafutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Ukaguzi wa tochi ulifanywa mara mbili chumba kikiwa giza. Mara ya kwanza yalionekana matone matatu, yakaokotwa. Mara ya pili hayakuonekana.*

*6. KILICHOBAKI: ufa wenye urefu wa sentimita 30 kwenye ubao wa meza, upande wa kushoto. Siwezi kuona ndani yake. Nimeujaza salfa na kuufunika kwa soltepu.*

*7. Napendekeza chumba kisitumike kesho, madirisha yabaki wazi. Meza namba 4 isitumike hadi ubao ubadilishwe, na pasiwashwe moto karibu yake. Chupa, vioo, soltepu, kitambaa na glavu vimefungwa na kuandikwa TAKA ZA ZEBAKI, vipo kabati la kemikali. Naomba maelekezo ya kuvikabidhi.*

Mwisho wa kunukuu. Sasa tuipitie taratibu.

Kwanza, kwa nini fundi ahangaike saa nne nzima kwa gramu 1.8? Zebaki ni nzito sana, mililita moja ina uzito wa gramu 13.6. Hivyo gramu 1.8 ni kama mililita 0.13, yaani matone mawili matatu ya maji. Ukiiangalia unaona ni kitu kidogo. Tatizo ni kwamba zebaki huvukiza yenyewe katika joto la kawaida la chumba, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Ukiugusa mkono mkavu na ukanawa, madhara si makubwa. Ukiuvuta kwa mapafu siku baada ya siku, unaathiri ubongo na figo. Ndiyo hatari ileile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa kule Geita wanaochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye moto wa wazi.

Chukua tone dogo la gramu 0.1. Kipenyo chake ni milimita mbili na kitu, kama punje ya uwele. Maabara ya mita 10 kwa 8, yenye kimo cha mita 3, ina ujazo wa mita za ujazo 240. Punje hiyo ikivukiza yote madirisha yakiwa yamefungwa, kila mita ya ujazo itabeba kama maikrogramu 400 za zebaki. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 1. Ni kweli kwamba tone halivukizi lote kwa mara moja na hewa haikai palepale, kwa hiyo hesabu hii ni ya hali mbaya kabisa. Lakini inaonyesha kwa nini tone moja lililosahaulika ni habari ya kuandikwa kwenye barua.

Hapo aya ya 2 na ya 3 zinaeleweka. Feni inazimwa kwa sababu inasambaza mvuke chumba kizima. Mlango wa koridoni unafungwa ili upepo utoke nje badala ya kuingia darasa la jirani, na upepo wa Kongwa mnaujua wenyewe. Fagio ndilo kosa la kawaida kuliko yote: linalivunja tone moja kuwa mia, na mia hizo kwa pamoja zina eneo kubwa zaidi la kuvukiza. Isitoshe, fagio lenyewe linabaki na zebaki na kesho linafagia darasa lingine. Pete inavuliwa kwa sababu zebaki hushikana na dhahabu papo hapo na kuiharibu. Maji kwenye chupa yanakaa juu ya zebaki na kupunguza mvuke.

Salfa ndiyo tunayoitegemea mno mitihani ikija. Tunaandika mlinganyo huu na tunapata maksi:

Hg + S → HgS

Mlinganyo ni sahihi, na zao lake halivukizi kirahisi. Ila kwenye meza mambo ni polepole. Unga unagusa ngozi ya nje tu ya tone, unatengeneza utando, na ndani zebaki inabaki zebaki. Kwa hiyo salfa haifanyi kazi ya kuokota. Inakuja baada ya kuokota, kwa ajili ya mabaki ambayo jicho haliyaoni. Ina faida nyingine: pale inapokutana na zebaki, rangi ya njano hugeuka kuwa kahawia, hivyo inakuonyesha pa kurudia. Kuipata si shida Dodoma, wakulima wa zabibu wanaitumia shambani dhidi ya ukungu. Fundi alisema akikosa ya maabara ataomba huko.

Namna ya kujua kama umemaliza ni tochi. Chumba kiwe giza, tochi ilazwe karibu kabisa na meza, mwanga upite sambamba na ubao. Tone hata dogo vipi litang'aa kama kioo. Ukimulika kutoka juu hutaliona. Angalia fundi alivyoandika: hakusema "nilikagua", alisema mara ya kwanza alikuta matatu. Hayo matatu ndiyo yanayonifanya niiamini ile sifuri ya mara ya pili, kwa sababu najua njia yake ya kutafuta inaweza kupata.

Hata hivyo tochi haioni ndani ya ufa, na haipimi mvuke. Chombo cha kupima mvuke wa zebaki shule haina. Ndiyo maana aya ya 6 ipo, na kwangu ndiyo uti wa mgongo wa barua. Nilimuuliza fundi kwa nini asiishie aya ya 5, si ingependeza zaidi? Akanijibu, "Mwalimu, madamu hataki kujua mimi nimechoka kiasi gani. Anataka kujua kesho mtoto akiegemea pale itakuwaje." Pendekezo la kutowasha moto linatokana na aya hiyo hiyo. Kila joto likipanda nyuzi 10 hivi, mvuke wa zebaki unakaribia kuwa mara mbili. Taa ya spiriti ikikaa juu ya ule ufa, meza iliyoonekana safi inaanza kutoa mvuke tena.

Gramu 1.8 nazo zina kazi yake. Hazithibitishi kwamba yote imepatikana, na yeye mwenyewe anasema hajui ilikuwa kiasi gani. Lakini zinamwezesha anayepokea taka kujua anapokea nini, na chupa ikikutwa na pungufu siku moja, kuna pa kuanzia kuuliza. Taka hizi hazimwagwi kwenye sinki wala hazichomwi shimoni. Kuzichoma ni kuzigeuza mvuke kwa makusudi. Kemikali zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na taka hatarishi ziko chini ya mamlaka ya mazingira ya taifa. Shule inaandika kupitia mkuu wa shule.

Mtu atasema vipimajoto hivi si vilishapigwa marufuku? Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza, kuviingiza nchini na kuviuza nje, isipokuwa pale pasipo na mbadala unaofaa. Haukuviondoa vilivyo tayari kwenye makabati, na shule tutakazopangiwa zina makabati ya zamani. Ukifika, fungua droo. Chenye uzi mwekundu ni spiriti, ukikivunja unafuta na kuendelea na kipindi. Chenye uzi wa rangi ya fedha ndicho cha kuweka pembeni.

Madamu aliijibu barua ile jioni hiyohiyo, kwa kalamu, pembeni ya karatasi: chumba kifungwe Jumatano, Alhamisi kitumike bila meza namba 4, vipimajoto vyote vya zebaki viorodheshwe na kufungiwa. Vilipatikana saba. Nilipomaliza fildi ubao ulikuwa bado haujabadilishwa, na ile soltepu juu ya ufa ilikuwa imeandikwa tarehe kwa kalamu nyekundu.