Utangulizi: Runinga Inaposema Haioni Fleshi

Wengi huanza kulijua somo hili wakiwa sebuleni: wageni wameshakaa, rimoti iko mkononi, na runinga inasema haioni kifaa chochote. Ukiichomeka fleshi hiyohiyo kwenye kompyuta, inafunguka bila tabu. Mara nyingi hakuna kilichoharibika, ila fleshi na runinga hazielewani. Kutoelewana huko kunaweza kutokea katika ngazi tatu: mfumo wa faili, kasha la video, na kodeki. Kila ngazi ina dalili yake, na dalili ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia.

Tuchukue mfano mmoja. Jirani yangu aliniletea fleshi ya GB 64 yenye video ya harusi ya bintiye, faili moja ya GB 5.8 iliyoitwa harusi.mov. Runinga yake haikuiona fleshi kabisa. Hiyo ni dalili ya ngazi ya kwanza.

Mfumo wa faili ni kama daftari la stoo: unaandika kila faili imewekwa wapi na ina ukubwa gani. Runinga isiyojua kusoma daftari hilo haiwezi kupata chochote ndani, hata kama stoo imejaa. Daftari la FAT32, la mwaka 1996, husomwa na karibu kila runinga. Fleshi za GB 64 na kuendelea mara nyingi hutoka dukani zikiwa na exFAT, ya mwaka 2006. Runinga nyingi huendeshwa na Linux kwa ndani, na ni mwaka 2019 tu ndipo kampuni ya Microsoft ilipochapisha maelezo ya exFAT na kuruhusu itumike ndani ya Linux. Ndiyo maana runinga nyingi za zamani hazikuwekewa uwezo wa kuisoma.

Je, tungeibadilisha fleshi iwe FAT32? Hapana, kwa faili hii. FAT32 huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32, kwa hiyo faili moja haiwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, yaani karibu GB 4.3, hata kama fleshi ni tupu. Kijitabu cha runinga ya jirani kilitaja FAT32 na NTFS. Tukahamishia video kwenye kompyuta kwanza, maana kufomati hufuta kila kitu, kisha tukaifomati fleshi kwa NTFS na kuirudisha video.

Safari hii runinga ikaionyesha faili. Tukabonyeza, vigelegele vikasikika, lakini kioo kikabaki cheusi. Hapo tulikuwa tumefika ngazi nyingine. Herufi za mwisho za jina, kama .mov, .mp4 au .mkv, hutaja kasha tu, yaani kifungashio kinachobeba picha na sauti pamoja. Kodeki ni namna picha au sauti yenyewe ilivyobanwa ndani ya kasha. Runinga ilifungua kasha, ikaielewa sauti, ikashindwa picha: kosa lilikuwa kwenye ngazi ya tatu, kodeki. Kwenye kompyuta nilitumia programu ya ffprobe, na katika majibu yake nikasoma hivi:

```
Video: hevc (Main 10), yuv420p10le
```

HEVC, ya mwaka 2013, hubana picha zaidi ya H.264 ya mwaka 2003, na hii ilikuwa ya biti 10. Runinga hutegemea chipu iliyotengenezwa kufungua kodeki chache maalumu. Isiyojua HEVC haitaijua kamwe. Kompyuta hufungua kodeki mpya kwa programu, ndiyo maana haikulalamika.

Wengi hapa hubadilisha jina la faili kutoka .mov kuwa .mp4. Hilo ni kubadilisha lebo tu, na kilichomo hakiguswi. Tulichohitaji ni kuibana picha upya kwa H.264 ya biti 8:

```
ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 20 -c:a aac harusi.mp4
```

Kazi hiyo huchukua muda mrefu, kwa kuwa kila picha hufunguliwa na kubanwa tena, na ubora hupungua kidogo. Kama dalili ingekuwa kinyume, picha ipo bila sauti, kosa lingekuwa kwenye kodeki ya sauti, kwa mfano DTS. Hapo ungeiacha picha ilivyo kwa `-c:v copy` na kubadilisha sauti peke yake, kazi inayokwisha upesi.

Kabla ya yote hayo, chomeka fleshi ndogo ya FAT32 yenye picha moja ya JPEG. Ikionekana, tundu la runinga ni zima, na shida imo katika ngazi hizi tatu. Isipoonekana, usifomati fleshi yenye kumbukumbu zako. Kagua tundu kwanza. Video ya harusi ile haikuwa na nakala nyingine mpaka tulipoihamishia kwenye kompyuta, na jioni hiyo bibi harusi alionekana kwenye kioo cha baba yake.