Dakika Tano za Kueleza Mstari Mmoja

Mtafiti anayepewa dakika tano kongamanoni aeleze matokeo ya rigresheni huwapoteza wasikilizaji mara tu jedwali linapotokea ukutani. Jedwali lile lina safu za namba, desimali nne nne na vinyota pembeni. Watu wanaacha kumsikiliza ili walisome, na wakishindwa kulisoma wanashika simu. Dakika mbili zimekwisha, na bado hajasema aligundua nini.

Rigresheni yenyewe inaelezeka. Una vitu viwili vinavyopimika, nawe unahisi vinakwenda pamoja. Kila kipimo unakichora kama nukta, halafu unatafuta mstari unaopita karibu zaidi na nukta zote kwa ujumla. Mstari huo unakujibu maswali mawili. La kwanza, kitu kimoja kikiongezeka, kingine huongezeka kiasi gani kwa wastani? La pili, nukta zenyewe hukaa mbali kiasi gani na mstari? Hotuba ya dakika tano ina nafasi ya majibu hayo mawili, pamoja na onyo moja kuhusu mahali ambapo mstari haufai kutumika.

Tuchukue data halisi ambazo kila anayejifunza programu ya R amekutana nazo. Katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, kuna chemchemi ya maji moto iitwayo Old Faithful. Aliyewahi kufika Ziwa Bogoria kule Kenya ameona maji ya moto yakiruka kutoka ardhini; hii ya Yellowstone hulipuka juu zaidi, hutulia, kisha hulipuka tena. Data zina milipuko 272. Kwa kila mlipuko umeandikwa muda uliodumu na muda wa kusubiri hadi uliofuata, vyote kwa dakika. Kazi nzima ni mistari miwili:

```r
m <- lm(waiting ~ eruptions, data = faithful)
summary(m)
```

Majibu yanayokuja yamejaa namba, lakini za kubeba jukwaani ni chache. Mteremko wa mstari ni 10.73: kila dakika moja ya ziada ya mlipuko huendana na karibu dakika 11 zaidi za kusubiri. Mstari unapokata mhimili wa wima ni 33.47. Kosa la kawaida la mstari, lile linaloandikwa `Residual standard error`, ni 5.914, yaani karibu dakika 6. Ipo pia `R-squared`, 0.81, ambayo nitaieleza baadaye kwa sababu ndiyo inayoponza wengi.

Sasa tuseme ukumbi umejaa waongoza watalii na wenye hoteli, watu wanaojua wageni kuliko takwimu. Andika hotuba neno kwa neno, kisha isome kwa sauti huku saa ikihesabu. Maneno yetu ni marefu. Mimi huona maneno 90 hadi 100 kwa dakika yanatosha, ukiacha nafasi ya kupumua. Aya za hotuba hapa chini zinaingia ndani ya dakika tano bila kukimbizana, na muda unaobaki ni wa kunyamaza watu watazame picha.

Mwanzo:

"Mheshimiwa mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Ndugu washiriki, mgeni amesafiri siku mbili kuja kuona chemchemi ikilipuka. Amefika, imeshatulia. Anakuuliza: nisubiri hapa, au niende kwanza kunywa chai? Nimekuja kuwaambia kwamba jibu liko kwenye mlipuko uliopita. Ukiwa mfupi, mgeni asiondoke. Ukiwa mrefu, chai inanyweka."

Tokeo limetangulia, ndani ya nusu dakika ya kwanza. Kwenye makala ya jarida la kitaaluma tokeo huja baada ya mbinu, lakini ukumbini aliyechelewa kuambiwa anatafuta nini hawezi kujua aangalie wapi. Mbinu utapewa nafasi ya kuieleza atakapotokea mtu wa kuiuliza.

Kisha picha, moja tu. Picha ya nukta haijielezi kwa mtu ambaye hajawahi kuisoma, kwa hiyo taja mihimili kabla ya kutaja mstari, na uonyeshe nukta mbili kwa kidole:

"Tazameni picha hii. Huku chini, kutoka kushoto kwenda kulia, ni muda ambao mlipuko ulidumu. Pembeni, kutoka chini kwenda juu, ni muda ambao watu walisubiri hadi mlipuko uliofuata. Kila nukta ni mlipuko mmoja, na zipo 272. Hii hapa ulikuwa mfupi: dakika moja na sekunde 48. Waliokuwepo walisubiri dakika 54. Hii ya juu ulikuwa mrefu: dakika nne na nusu hivi. Wao walisubiri dakika 85."

Nyamaza kidogo hapo. Nukta hizo mbili ni za kweli, ya pili na ya tano katika data, na mtu akishazielewa mbili ameelewa zote 272. Ndipo mstari unapoingia:

"Sasa nimechora mstari unaopita katikati ya nukta. Unasema hivi: mlipuko ukidumu dakika moja zaidi, subira inayofuata huwa ndefu zaidi kwa karibu dakika 11, kwa wastani. Kwa hiyo baada ya mlipuko wa dakika mbili, tarajieni kusubiri kama dakika 55. Baada ya mlipuko wa dakika nne na nusu, kama dakika 82. Tofauti ni karibu nusu saa."

Sababu ya kutaja dakika mbili na dakika nne na nusu iko kwenye picha yenyewe. Nukta zimejikusanya makundi mawili, milipuko mifupi huku na mirefu kule, na katikati, kwenye dakika tatu, ni chache. Ukitoa mfano wa dakika tatu unaeleza mlipuko ambao mwongoza watalii hauoni mara nyingi. Na ile 33.47 usiitaje kabisa. Kihesabu, ni subira baada ya mlipuko uliodumu dakika sifuri, kitu ambacho hakipo. Mlipuko mfupi kuliko wote kwenye data ulidumu dakika moja na nusu na ushei. Namba hiyo inahitajika kuushikilia mstari mahali pake, basi.

Sehemu inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi, na kwangu ndiyo inayompa msemaji haki ya kuaminiwa:

"Je, mstari huu unakosea? Ndiyo, unakosea. Kama hujui lolote kuhusu mlipuko uliopita, ukawaambia wageni wote wasubiri dakika 71, ambao ndio wastani, kosa lako la kawaida litakuwa dakika 13 au 14. Ukiupima mlipuko kwa saa yako ya mkononi na kutumia mstari, kosa la kawaida linashuka hadi dakika 6. Mara chache litafika dakika 12 au kuzidi. Kwa hiyo mwambieni mgeni arudi kwenye kiti chake dakika 12 kabla ya wakati mliokadiria."

Hapa ndipo wengi wangesema, "Modeli yetu inaeleza asilimia 81 ya tofauti." Wanatakwimu watatikisa kichwa kukubali. Mwenye hoteli atasikia kwamba utabiri unapatia mara 81 kati ya 100, na ataondoka nalo hilo. Sivyo inavyosema namba hiyo. Inalinganisha kutawanyika kwa nukta kuzunguka mstari na kutawanyika kwake kuzunguka wastani, tena baada ya umbali wote kuzidishwa wenyewe kwa wenyewe. Habari ileile ukiisema kwa dakika, kutoka 13 au 14 hadi 6, kila mtu anaielewa, na anaweza kuamua kama dakika 6 zinamtosha kwa kazi yake. Ukitaka kujua kama wamekuelewa, muulize mmoja baadaye wakati wa chai: mgeni akae chini lini? Akikupa jibu la dakika, hotuba ilifika. Akikutajia asilimia, haikufika.

Chunga pia kitenzi. Katika hotuba hii hakuna mahali niliposema mlipuko mrefu "unasababisha" subira ndefu. Mstari unaonyesha tu kwamba vinafuatana. Kwa chemchemi, sababu inajulikana kwa njia nyingine: mlipuko mrefu hutoa maji na joto jingi zaidi, na mifereji ya chini huchukua muda zaidi kujaa na kuchemka tena. Lakini msemaji huyuhuyu kesho atasimama na mstari wa mapato ya kaya na alama za mtihani, ambako mambo mengine mengi yamejificha nyuma, na akizoea "unasababisha" leo atalitumia na kule.

Mwisho wa hotuba ni onyo:

"Jambo la mwisho. Mstari huu umetokana na milipuko ya karne iliyopita. Chemchemi imebadilika. Siku hizi wastani wa kusubiri umepita dakika 90, si 71 tena. Kanuni kwamba mlipuko mrefu hufuatiwa na subira ndefu bado inawasaidia wanaotabiri pale hifadhini, lakini dakika nilizozitaja ni za data zangu. Atakayetaka kuzitumia leo apime upya milipuko ya leo. Ahsanteni."

Onyo hilo linakula sekunde kama 40, na msemaji aliyebanwa na muda huona vyema alikate. Nashauri akate salamu. Milima ya Yellowstone hutikiswa na matetemeko, na lile kubwa la 1959 katika Ziwa Hebgen, jirani na hifadhi, lilirefusha subira za chemchemi hiyo. Mwongoza watalii akitumia dakika 82 leo baada ya mlipuko mrefu, wageni wake watakaa kwenye mabenchi wakitazama mvuke tu, na mstari utalaumiwa kwa kitu ambacho haukuahidi.

Swali litakalokuja karibu kila mara ni hili: "Una uhakika gani na hizo dakika 11?" Jibu andaa mapema, kwa sentensi moja: "Kwa data hizi, ongezeko la kweli kwa kila dakika linakadiriwa kuwa kati ya dakika 10 na 11 na ushei." Jedwali lako la desimali nne nne liweke kwenye slaidi ya akiba, baada ya slaidi ya mwisho. Mwanatakwimu aliyeko ukumbini akilihitaji, lipo.