Bei ya unga inapanda: namna ya kumuambia mukiliya wetu

Kila mwaka, kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili, muhindi inapunguka kwa magunia na bei yake inapanda. Kooperative inayosaga na kuuza unga inajikuta mbele ya kazi moja nzito: kumuambia mama wa restora au papa wa kantini, mwenye kununua kwetu kila juma, kama bei ya jana si ya kesho. Wengi wetu tunanyamaza, tunangoja afike na pesa mukononi. Hapo ndipo tunamupoteza.

Tuchukue mufano. Kooperative inauza mufuko wa unga wa kilo 25 kwa faranga 35.000. Kwa kupata mufuko huo inasaga karibu kilo 30 ya muhindi, sababu sehemu ingine inaenda kwa pumba. Kilo ya muhindi ilikuwa faranga 700, sasa wanamemba wanalipwa 800. Faranga 100 mara kilo 30, ni 3.000. Basi bei mupya ni 38.000. Mufanye hesabu hii katika komite mbele ya kumuambia mutu yeyote. Kama mupandisho wenu haulingane na sababu munayotoa, mukiliya ataona, maana yeye pia anajua bei ya muhindi kwa soko.

Kisha muandike ujumbe moja, na wote wanaouza watumie maneno yale yale. SMS moja inabeba alama 160, ikipita hapo inakatwa mara mbili na kulipisha zaidi. Hii hapa inaenea:

«Jambo mama. Tangu 1 Novemba, mufuko wa kilo 25 ni 38000 FC, si 35000 tena. Muhindi imepanda bei. Kilo ni zile zile. Komande za mbele ya 1/11: bei ya zamani.»

Tuangalie kilicho ndani. Bei mbili ziko pamoja, ya zamani na ya mupya, mutu asitafute. Siku iko wazi. Sababu ni moja tu, na ni ya kweli. Ukisema «maisha imekuwa nguvu, kila kitu kimepanda», mukiliya anasikia kama unajificha, na tena yeye ndiye anayekuja kukufundisha ugumu wa maisha. Maneno «kilo ni zile zile» yana uzito wake: wauzaji wengine wanaacha bei pale pale na kupunguza unga ndani ya mufuko. Mama wa restora anapima kwa sufuria, si kwa mizani, lakini sahani zikipunguka anajua. Akishajua, hata bei ya kweli hataiamini tena.

Mutume ujumbe majuma mawili mbele. Yeye pia anauza. Anahitaji siku za kupanga bei ya sahani yake ao kununua akiba kidogo. Wakiliya wakubwa, wale wanaochukua mifuko mingi, muwapigie simu ao muwafikie nyumbani kwanza. Si vizuri wasikie habari kwa jirani.

Atabishana, ni kawaida. «Papa, miye niko mukiliya wa zamani, uniachie yangu 35.» Mumujibu kwa upole: «Mama, ni kweli, ndiyo maana tulikuambia mbele. Komande ya juma hili na ya juma lijalo utachukua kwa 35. Kuanzia tarehe 1 ni 38 kwa wote.» Musimupunguzie yeye peke yake kwa siri. Kwa soko siri hailale siku mbili, na wale waliolipa bei nzima watajiona wamedanganywa.

Na wenye deni? Mufuko uliochukuliwa kwa mukopo mbele ya tarehe 1 unalipwa 35.000, hata kama pesa inafika kisha. Muandike hivyo katika daftari, na siku ile ile mumuambie mwenye deni.

Kisha mwezi moja, mufungue daftari na kuangalia nani hajarudi. Mumutembelee, mumuulize bila kumulaumu. Pengine bei ndiyo imemushinda. Pengine amekasirika kwa sababu muuzaji moja alimuambia maneno ingine. Ya pili inaweza kutengenezwa siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho, ambalo komite nyingi zinasahau. Mukisema bei imepanda sababu ya muhindi, mumejifunga. Mavuno ya sezoni A ikiingia, mwezi wa kwanza ao wa pili, na kilo ikirudi 700, mukiliya atangoja kusikia kwenu. Mumutumie SMS ingine, fupi kama ile ya kwanza, yenye bei ya 35.000. Siku hiyo ataamini kama ile ya kwanza pia ilikuwa kweli.