Pakiti pungufu za unga: DMAIC hatua kwa hatua

Kuzikariri hatua tano za DMAIC hakuchukui muda: kufafanua, kupima, kuchambua, kuboresha, kudhibiti. Mzunguko huu ndio uti wa mgongo wa Sigma Sita, mbinu iliyoanzia kampuni ya Motorola, Marekani, mwaka 1986. Ugumu huanza mtihani unapokuletea kisa cha kiwanda na kukutaka uonyeshe kila hatua imefanya kazi gani ambayo nyingine isingeweza. Tuchukue kiwanda cha kubuni kinachofungasha unga wa sembe katika pakiti za kilo 2, na wenye maduka wanalalamika kwamba baadhi ya pakiti zimepungua.

Kufafanua ni kuandika tatizo kwa namna inayopimika: pakiti za kilo 2 kutoka laini ya kwanza zinatoka chini ya gramu 2,000, na tunataka zipungue hadi chini ya 1 katika kila 100 ndani ya miezi mitatu. Ukiandika kwamba tatizo ni mashine chakavu, umeshahukumu kabla ya ushahidi, na msahihishaji makini atakukata alama hapo hapo. Chanzo hakina nafasi katika hatua hii.

Kupima huanza na mizani yenyewe. Pakiti moja ipimwe mara kadhaa, na watu wawili tofauti. Majibu yakipishana kwa gramu kumi, takwimu zote zitakazofuata ni bure. Tuseme mizani ni nzuri. Wapimaji wanachukua pakiti tano kila nusu saa, wanaandika uzito, saa na jina la mwendesha mashine. Wanapata wastani wa gramu 2,012 na mkengeuko sanifu wa gramu 12. Pakiti 16 katika kila 100 ni pungufu.

Hapa meneja mwenye haraka atasema mashine ipandishwe. Ili karibu pakiti zote zivuke 2,000 kwa mtawanyiko huo, wastani lazima ukae mikengeuko mitatu juu, yaani gramu 2,036. Hizo ni gramu 24 za ziada kwa kila pakiti. Kiwanda kikitoa pakiti 10,000 kwa siku, kilo 240 za unga zinaondoka bila kulipiwa, kila siku, na tatizo lenyewe halijaguswa. Wastani haukuwa na kosa. Kosa liko kwenye mtawanyiko.

Ndiyo maana kuchambua kunakuja kabla ya kuboresha. Takwimu zinapangwa upya: kwa zamu, kwa mwendesha mashine, kwa saa. Zamu ya mchana na ya usiku hazitofautiani. Lakini uzito ukichorwa kwa kufuata saa, mstari unashuka taratibu, unaruka juu, kisha unashuka tena. Kila unaporuka, mfanyakazi ametoka kumimina magunia kwenye hopa. Mashine hii hujaza pakiti kwa skrubu inayozunguka idadi ileile ya mizunguko, kwa hiyo inapima ujazo, haipimi uzito. Hopa ikijaa, unga wa juu hugandamiza wa chini na pakiti huwa nzito. Ikipungua, unga hulegea na pakiti huwa nyepesi. Hiyo bado ni dhana. Inathibitishwa kwa kuiacha hopa ipungue kwa makusudi saa moja na kuishikilia ikiwa imejaa saa inayofuata, kisha kulinganisha pakiti za saa hizo mbili.

Kuboresha sasa kunajileta kwenyewe: kifaa cha kuhisi kina cha unga kinaiwasha konveya kabla hopa haijashuka sana. Kinajaribiwa kwanza kwenye laini hiyo moja, kisha vipimo vinarudiwa kama mwanzo. Tuseme mkengeuko umeshuka hadi gramu 4. Wastani umebaki 2,012, hakuna unga ulioongezwa, lakini sasa gramu 2,000 ziko mikengeuko mitatu chini ya wastani. Kama uzito umetawanyika kwa umbo la kengele, pakiti pungufu ni kama moja katika elfu moja.

Kudhibiti ndiko majibu mengi huishia kwenye neno "ufuatiliaji" tu. Andika kinachofuatiliwa: wastani wa pakiti tano kila nusu saa, kwenye chati yenye mipaka miwili. Mipaka hiyo hutokana na mchakato wenyewe: 3 mara 4, gawanya kwa kipeuo cha pili cha 5, ni kama gramu 5.4, hivyo mistari inakaa karibu na 2,007 na 2,017. Usiichanganye na gramu 2,000, ambayo ni sharti la mteja na hupimwa kwa pakiti mojamoja. Nukta ikiwa ndani na hakuna mwelekeo wa kupanda au kushuka, mwendesha mashine asiguse kitu. Akizungusha kirekebishi kila aonapo pakiti nyepesi kidogo, atauongeza mtawanyiko uleule uliopunguzwa. Nukta ikitoka nje, asimamishe laini na aanze kukagua kifaa cha hopa.