Rede isiyomtoa mtu: michezo ya watoto katika kambi ya mafuriko

Watu wa bonde la Rufiji wamezoeana na maji tangu enzi za mababu. Mto unapofurika na kurudi nyuma, ardhi yenye unyevu hupandwa mazao ya mlau, na wakati wa kulinda shamba familia nyingine huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti. Lakini mafuriko ya Aprili 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti hayakuishia shambani. Yaliingia majumbani, na familia zikalazimika kuhamia sehemu za juu. Mtu mzima anapofika kambini ana kazi za kumshughulisha: turubai, foleni ya chakula, kuni, kumtafuta jamaa aliyebaki ng'ambo. Mtoto hana kazi hizo. Shule imefungwa au imejaa wahamiaji, wenzake wametawanyika, na wazazi hawana muda naye.

Ndiyo sababu katika makambi ya namna hii vijana wa kujitolea hutenga eneo rafiki kwa watoto. Utaratibu huu ulianza kujulikana kwa jina hilo mwaka 1999, katika makambi ya wakimbizi wa Kosovo nchini Albania, na leo unatumika karibu kila penye maafa. Ukilitazama juu juu utaona kamba iliyozungushiwa vigingi, mikeka chini ya mwembe, ndoo ya kunawia mikono na watoto wanaopiga kelele. Anayepita hudhani vijana wale wanawachezesha tu watoto ili wazazi wapumue. Ukikaa nao asubuhi moja utaona kwamba karibu kila mchezo umechaguliwa kwa sababu, na mingine imekataliwa kwa sababu.

Kombolela, kwa mfano, haichezwi. Ni mchezo unaopendwa, lakini unamtaka mtoto ajifiche, na kambini mahali pa kujificha ni nyuma ya vyoo, kati ya kamba za mahema au kwenye majani marefu ambako nyoka nao wamekimbilia nchi kavu. Isitoshe, mama aliyewahi kumtafuta mwanawe usiku maji yakipanda hastahili kusikia jina la mtoto wake likiitwa na asiitike, hata kama ni mchezo. Vivyo hivyo ule wa kuruka mstari, kiongozi akiita "mtoni!" na "ukingoni!". Shuleni hauna neno. Katika siku za mwanzo kambini huwekwa kando, kwa kuwa wapo watoto wanaoganda wakisikia neno moja tu.

Rede inachezwa, ila imebadilishwa. Kwa kawaida wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira, na walio katikati hukwepa. Anayepigwa hutoka. Sasa fikiria mtoto wa miaka saba aliyepoteza nyumba, daftari na rafiki wa jirani, halafu dakika ya pili ya mchezo anaambiwa atoke, akakae pembeni. Wanaotolewa mapema ni wale wale kila siku: wadogo, wenye ulemavu, wasio na wepesi. Kwa hiyo anayepigwa hatoki bali anakuwa mrushaji, na mrushaji anaingia katikati. Chupa inayojazwa mchanga katikati ya uwanja si ya mtu mmoja tena, ni ya kundi zima, na ikijaa wote wameshinda. Mpira wenyewe ni soksi kuukuu iliyojazwa matambara na kufungwa kamba, kwa maana mpira mgumu ukimpata mtoto usoni kikao kimeharibika.

Kikao kizuri kina mwendo ule ule kila siku. Tuseme kinaanza saa nne asubuhi. Watoto wananawa mikono, wanaandikishwa jina na hema wanalotoka, wanasimama duara. Kila mmoja anataja jina lake na kufanya kitendo, wenzake wanamwiga. Baada ya hapo ndipo rede, dakika ishirini hivi, kisha mchezo wa kutulia kama mdako au kuchora, na mwisho duara tena kabla ya kukabidhiwa kwa wazazi. Mtoto ambaye wiki nzima hakujua kesho atalala wapi, hapa anajua baada ya rede kinafuata nini. Naamini utaratibu huo unamsaidia kuliko mdoli wowote wa dukani.

Kwa watoto wa miaka sita hadi tisa, kundi la ishirini hivi linahitaji watu wazima wawili, hata mchezo uwe rahisi kiasi gani. Mmoja anaongoza, wa pili hachezi: anahesabu na kutazama. Pia hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, na kila anayejitolea husaini kanuni za mwenendo kabla ya kugusa mpira. Kambi yenye vurugu huwavutia pia watu wenye nia mbaya, na eneo la watoto ndipo wanapopaona penye urahisi.

Anatazama nini yule wa pili? Si machozi peke yake. Watoto waliokimbia maji huigiza maji. Wanapanga vijiti kuwa mtumbwi, wanapakia mawe kuwa watu, mtumbwi unazama. Anayeongoza hawakatazi. Leo mtumbwi unazama, kesho mmoja anakuja kuokoa, keshokutwa wamehamia kupika matope. Hao wanaendelea vizuri. Anayetia wasiwasi ni yule ambaye mtumbwi wake unazama vile vile siku nenda rudi, mwili umekakamaa, mchezo ukiisha ametulia kwa hofu badala ya raha. Mwingine ni yule anayesimama kwenye kamba kila siku bila kuingia. Hapo kijana wa kujitolea hageuki daktari, wala hamwombi mtoto achore mafuriko ili "atoe yaliyo moyoni". Anazungumza na mlezi na kumfikisha afisa ustawi wa jamii. Penye dalili za ukatili, ipo pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, isiyolipiwa.

Mipaka yake nayo isemwe. Watafiti waliwafuatilia watoto wa Kikongo waliokimbilia Rwamwanja, Uganda, wakalinganisha waliohudhuria maeneo haya na wasiohudhuria. Mwanzoni palikuwa na nafuu. Baada ya zaidi ya mwaka, tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa karibu imetoweka. Tathmini za nchi kadhaa zimeonyesha vilevile kwamba wanaofaidika zaidi ni wadogo, na wa miaka kumi na miwili kwenda juu hawapati mengi.

Ukiwa kambini, sababu mojawapo unaiona. Saa nne asubuhi msichana wa miaka kumi na minne yuko bombani, mdogo wake mgongoni. Wavulana wa rika lake wameutwaa uwanja kwa soka. Penye viongozi makini, kikao cha wasichana huwekwa alasiri maji yakishachotwa, mkeka mmoja ukitengwa kwa wadogo waliobebwa, na wasichana wenyewe huulizwa wanataka nini. Mara nyingi jibu si mchezo. Wanataka kusuka nywele, kushona, kuzungumza bila wavulana kusikiliza, na kupata taulo za kike. Orodha ya mahudhurio ya wiki ya kwanza, ikisomwa kwa umri na jinsia, inatosha kuonyesha nani hajafika.

Familia zinapoanza kurudi, kosa la kawaida ni kung'oa vigingi asubuhi moja bila taarifa. Watoto hao wameshaona vitu vingi vikiondoka ghafla. Wanapaswa kuambiwa wiki moja au mbili kabla, na kushirikishwa kuhesabu kamba, mikeka na mipira inayokabidhiwa shule ya karibu. Majina ya watoto waliokuwa wakifuatiliwa hukabidhiwa kwa siri kwa afisa ustawi wa jamii wa kata wanakorudi, maana huko ndiko rufaa zao zitakakoendelea.